Gunia la Sukari

Duka la Zuhura lilikuwa kando ya barabara ipandayo Ilboru, mahali ambapo asubuhi Mlima Meru huonekana wote kabla mawingu hayajaufunika. Alilifungua kwa karadha ya shilingi 600,000 aliyopewa na mama yake, na ahadi ilikuwa kuirejesha baada ya Idi ya Kuchinja.

Bidhaa iliyompa sifa ilikuwa sukari ya robo kilo. Wenzake waliiuza shilingi 750, yeye 700. Watoto walitumwa kwake kutoka mitaa ya mbali, na kila wiki alimaliza magunia mawili. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: gunia la kilo 50 hununuliwa shilingi 132,000, hutoa robo 200, nazo huleta shilingi 140,000. Faida, shilingi 8,000.

Lakini kila alipokwenda soko la Kilombero kununua gunia jipya, fedha za sukari hazikutosha. Alijazia kwa fedha za sabuni na chumvi. Kwa kuwa mauzo yote yaliingia katika kopo moja, hakujua kinachovuja ni kipi.

Ramadhani ilipobaki wiki tatu, akataka kuagiza magunia kumi kwa ajili ya uji na chai za futari. Mama yake akamwuliza, “Mwanangu, gunia moja linakupa nini hasa?” Akajibu, “Elfu nane, Mama.” Mama akasema, “Umezihesabu, au umezidhani?”

Usiku ule Zuhura alitenga gunia moja na kopo lake. Kila robo iliyouzwa, alitia punje moja ya haragwe katika chupa. Hata sukari ya chai ya nyumbani aliilipia. Gunia lilipokwisha, akamwaga maharage juu ya mkeka na kuyahesabu. Yalikuwa 194, si 200.

Akapima upya vifurushi vilivyofungwa kutoka gunia lililofuata. Vingi vilikuwa na gramu 255, kwa sababu alizoea kuongeza kijiko kidogo baada ya mizani kutulia. Tena karibu nusu kilo ilimwagika au kuganda katika pembe za gunia. Hapo ndipo robo sita zilipopotelea.

Kisha akaandika gharama ambazo hakuwahi kuziandika. Gunia 132,000, bodaboda 3,000, vifuko 194 vya shilingi 20 kila kimoja, 3,880. Jumla 138,880. Katika kopo mlikuwa na 135,800. Kila gunia lilimla shilingi 3,080, na magunia kumi ya Ramadhani yangemla 30,800 kutoka katika fedha ya mama yake. Kadiri alivyouza zaidi, ndivyo alivyozidi kupoteza.

Asubuhi alimweleza jirani mwenye duka. Yule akacheka: “Dada, punguza gramu kumi tu. Nani atapima?” Zuhura hakujibu. Tangu madrasa alijua kuwa Sura ya Al-Mutaffifiin hufunguka kwa onyo kwa wanaopunja vipimo. Akarudi kwenye daftari kutafuta njia nyingine.

Kwanza akajaribu kupima gramu 250 sawasawa. Kwa kilo 49 na nusu zinazouzika, angepata robo 198. Vifuko vingekuwa 3,960, na gharama yote 138,960. Akigawa kwa 198, kila robo inamgharimu karibu shilingi 702. Basi hata kipimo sahihi hakikutosha. Bei yenyewe ilikuwa chini ya gharama. Kwa shilingi 750 angepata 148,500, na faida halali ya 9,540.

Likabaki swali moja: je, sukari haimletei wanunuzi wa bidhaa nyingine? Kwa siku tatu akaandika. Katika kila wanunuzi kumi wa sukari, saba waliondoka na sukari peke yake. Watatu waliosalia hawakununua vya kutosha kuziba pengo.

Akaandika bei mpya kwenye kibao na kuigeuza mizani imwelekee mnunuzi. Bibi mmoja akanung’unika, “Mjukuu wangu, nawe umekuwa kama wengine?” Zuhura akamwonyesha mshale wa mizani. “Bibi, robo yako ni kamili. Kwa bei ile ya zamani nilikuwa nakula mali ya mama yangu.” Bibi akatazama mshale, akatoa 750.

Wengine hawakurudi. Wiki ile liliuzwa gunia moja badala ya mawili. Lakini Zuhura alipofungua kopo la sukari, gunia jipya lilinunuliwa kwa fedha zilizomo humo, na shilingi 9,540 zikabaki. Alizifunga katika kitambaa, akampelekea mama yake kuwa malipo ya kwanza ya karadha.