Aliyeondolewa Hatia Asishtakiwe Tena

Kila kifo cha Dakta Robert Ouko kinapotajwa hapa Migosi, huzuka swali: mbona Jonah Anguka hakurudishwa kizimbani? Uchungu wa swali hilo twaujua. Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwana wa Kisumu, na mwili wake ulipatikana karibu na nyumbani kwake Koru mnamo Februari 1990. Hata hivyo, twashikilia kwamba mlango ule ulifungwa kwa haki.

Anguka, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru, alisimama mbele ya majaji wawili kwa shtaka lile lile la mauaji. Kesi ya kwanza ilikatika Jaji Fidahussein Abdullah alipofariki. Wako waliodhani kuianza upya ni kumhukumu mtu mara mbili. Sivyo. Sheria yetu haihesabu siku ambazo mtu amekaa kizimbani. Huuliza kama hukumu imetolewa. Jaji alikufa kabla ya kuamua, kwa hiyo kesi ya pili ilikuwa halali. Mwaka 1994 kesi hiyo ilimwondolea Anguka hatia, na tangu hapo kifungu cha 138 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kikawa ngao yake. Katiba ya 2010 yaweka ngao hiyo katika ibara ya 50.

Ngao hiyo ina mipaka. Mahakama ya rufani ikibatilisha kesi iliyoendeshwa kwa kasoro, yaweza kuamuru isikizwe upya. Tena, mtu akifungwa kwa kumjeruhi mwenzake, kisha majeruhi akafa baadaye kwa jeraha lile, yaweza kufunguliwa kesi ya mauaji, kwa maana kifo hakikuwapo wakati wa kesi ya kwanza.

Lakini mtego mkubwa ni kuondolewa kwa mashtaka. Chini ya kifungu cha 87, mashtaka yakiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, huachiliwa tu, wala hakuondolewa hatia. Aweza kukamatwa tena kwa mambo yale yale. Yakiondolewa baada ya hapo, ameondolewa hatia kabisa. Basi anayeachiliwa asishangilie kabla ya kumwuliza wakili wake: ni kuachiliwa kupi? Na apate nakala ya uamuzi, kwani akishtakiwa tena, hiyo ndiyo atakayoionyesha mahakama.

Twalilia bado ukweli juu ya Ouko. Waliohusika ambao hawajahukumiwa wangali waweza kushtakiwa. Lakini serikali ikiruhusiwa kumrudisha kizimbani kila iliyeshindwa kumtia hatiani, haitashindwa kamwe, itamchosha tu. Ngao tunayomnyima Anguka leo, kesho tutaitafuta kwa ajili ya mwana wetu wenyewe.