Volti hazijumlishwi, nishati ndiyo hujumlishwa

Kupata E° ya nusu-mmenyuko wa tatu kwa kujumlisha nusu-mmenyuko mbili ndipo wanafunzi wengi huteleza. Tuchukue chuma:

Fe³⁺ + e⁻ → Fe²⁺, E° = +0.77 V
Fe²⁺ + 2e⁻ → Fe, E° = −0.44 V

Tunataka Fe³⁺ + 3e⁻ → Fe. Ukijumlisha volti moja kwa moja unapata +0.33 V, na si sahihi. Volti ni nishati kwa kila kizio cha chaji, kama bei ya kilo moja: huwezi kujumlisha bei za kilo bila kuuliza zimenunuliwa kilo ngapi. Kinachojumlishwa ni nishati huru, ΔG° = −nFE°. Kwa hiyo kila volti izidishe kwanza kwa idadi ya elektroni zake: 1 × 0.77 = 0.77, na 2 × (−0.44) = −0.88. Jumla ni −0.11. Igawanye kwa elektroni 3, unapata takriban −0.04 V. Hata alama imegeuka!

Mbona basi kwenye seli kamili tunatoa E° moja kutoka nyingine bila kuzidisha? Kwa sababu huko elektroni zinazotolewa upande mmoja ndizo zinazopokelewa upande wa pili. Idadi, n, ni ileile kila mahali, hivyo inajifuta. Kanuni ya kushika: elektroni zikibaki kwenye mlinganyo wa mwisho, pitia ΔG°.