Mwalimu wa mtandaoni, wacha kuanika matokeo ya watoto wa watu

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, Status za walimu wa tuisheni ya mtandaoni hujaa skrinshoti. "A ya hesabu, mwanafunzi wangu huyo!" Jina la mtoto liko hapo, shule iko hapo, hata nambari ya mtihani. Halafu mwalimu anashangaa mbona inboksi imenyamaza.

Mzazi si mjinga. Anajua huyo wa A huenda alikuwa akipata A kabla hamjajuana. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto. Mwaka wa 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini hiyo. Wewe na simu yako ya mkopo utazitoa wapi?

Kwa maoni yangu, ushahidi unaouza ni kosa moja lililorekebishwa, na hupatikana kwenye kipindi cha majaribio. Wengi hukiharibu kwa kujisifu nusu saa. Chukua mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Dakika 10 za kwanza, mpe maswali matano ya kufungua mabano, bila kumsaidia. Tuseme anapata mawili. Ukikagua yale mengine unakuta kosa ni lile lile: anaandika (x − 3)² = x² − 9, ile −6x ya katikati imepotea. Sasa dakika 20 fundisha hilo pekee. Aandike (x − 3)(x − 3), azidishe kila kitu kwa kila kitu, apate x² − 6x + 9. Dakika 10 za mwisho ni maswali matano mapya. Yawe mapya kweli, kwa sababu ukirudia yale ya kwanza utakuwa umepima kukariri. Jumla ni dakika 40, na hapo ndipo Zoom ya bure hukata.

Mtumie mzazi picha za karatasi zote mbili na ujumbe wa sauti wa dakika moja. Sema ukweli: mtoto ametoka mawili hadi manne kwenye mabano, si D hadi B kwenye hesabu. Baada ya wiki moja mpe matano mengine, maana ya siku ile ile husahaulika haraka. Akiyaweza, omba idhini, ufunike jina, kisha upost hiyo.

Na usifanye bure kabisa, jamani. Cha bure watu hujiandikisha halafu hawaingii. Omba Sh100 kwa M-Pesa, uikate kwenye ada ya kwanza wakiendelea. Mtoto akianguka tena yale maswali ya mwisho, mwambie mzazi hivyo hivyo, na umrudishie mia yake.