Pakiti iliyochelewa haina kazi

Hapa Mpanda kikao cha video na Dar es Salaam kikianza kukatakata, wa kwanza kulaumiwa ni mnara. Wakati mwingine ni kweli. Lakini nimefunga VPN kwenye ofisi kadhaa za Katavi, na mara nyingi tatizo nimelikuta ndani ya VPN yenyewe, likilindwa na maneno ambayo kila mtu anayaamini.

"TCP ni ya uhakika, UDP inapoteza data, kwa hiyo weka TCP." Hili ndilo linaloharibu simu nyingi kuliko mengine yote. Kwa faili ni sawa kabisa, maana mkataba ukikosa herufi moja umeharibika. Sauti haiko hivyo. Programu ya simu hukata maneno yako vipande vya milisekunde 20, ikatuma pakiti 50 kila sekunde. Tuseme mbili katika kila mia zinapotea njiani, yaani moja kwa sekunde. Kwa UDP umekosa milisekunde 20 za sauti, na kodeki kama Opus huziba pengo hilo kwa kukisia kutokana na sauti iliyotangulia. Sikio halitambui.

Sasa pitisha simu hiyohiyo ndani ya VPN ya TCP. Pakiti moja ikipotea, TCP huzizuia zote zilizokuja nyuma yake hadi ile iliyopotea itumwe upya. Kama kwenda na kurudi kati yako na seva ni milisekunde 200, basi pakiti 10 au zaidi zimepangwa foleni zikisubiri mwenzao mmoja. Zikiachiliwa, zinafika kwa mkupuo, na wakati wa kuchezwa umeshapita, hivyo programu inazitupa. Umepoteza robo sekunde ya maneno kwa kuokoa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na sekunde inayofuata inarudia yaleyale. Ndiyo maana mtu anasikika "bajeti ya ro... tatu".

Ofisi moja niliyoitwa ilikuwa hivyo hasa. Faili la OpenVPN lilikuwa na `proto tcp` na mlango 443. Tukabadilisha kwa mteja, na `proto` na mlango tukavibadilisha kwenye seva pia, maana visipolingana haziunganishi:

```
proto udp
remote vpn.example.com 1194
```

Mnara ni uleule, bando ni lilelile, na kikao cha Jumatatu kikafika mwisho kamera zikiwa wazi.

"Nimepima kasi, nina megabiti 10, simu haiwezi kusumbua." Simu ya sauti haihitaji hata sehemu ya kumi ya hizo. Inachohitaji ni pakiti zifike kwa mpangilio wa muda. Acha `ping` iende dakika moja, kisha soma mstari wa mwisho:

```
rtt min/avg/max/mdev = 71.2/118.6/402.9/83.4 ms
```

Wastani wa 118 si mbaya. Tazama `mdev`, inayoonyesha muda unavyoyumba. Kuyumba huko ndiko mafundi wanaita jita. Programu huweka akiba ndogo ya pakiti ili kusawazisha, lakini jita ikizidi milisekunde 30 hivi akiba hiyo lazima ikue, na mazungumzo yanaanza kugongana kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza. Kabla ya kulaumu mtandao, angalia kama simu ya mtu fulani pale ofisini inapandisha picha. Foleni ya picha hizo peke yake inatosha kuleta jita.

"Seva yoyote ni sawa." Si kweli kabisa. Mwanga ndani ya nyuzi hutumia takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Ukichagua seva ya Frankfurt ili uongee na mtu wa Dar, sauti yako inavuka bahari kwenda Ulaya na kurudi, na nyaya hazinyooki kama mstari wa ramani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Tanzania ikadorora. Siku kama hiyo, simu iliyoweza kubaki nchini inakwama kwa sababu tu umeizungusha nje. Weka seva Dar, au Nairobi.

"VPN inamaliza bando." WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti kwenye IPv4. Kwa sauti, hiyo ni kama megabaiti 22 kwa saa nzima, kwenda na kurudi. Ni nyongeza, lakini haimalizi bando la mtu.

TCP nayo nisiionee. Kuna Wi-Fi za hoteli na ofisi zinazofunga UDP kabisa, na hapo mlango 443 wa TCP ndio pekee unaopita. Itumie, zima video, ongea kwa sauti tu, na ukitoka hapo urudishe UDP siku hiyohiyo.