Kavumu: Kifaru kinapopiga huku kinatembea, nani anapakia kombora?

Tangu waasi wa M23 walipochukua uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari 2025, na Bukavu siku mbili baadaye, mazungumzo ya vita katika Kivu Kusini yamekuwa juu ya droni na silaha nzito. Vifaru vinatajwa kama vyote ni sawa. Sivyo. Jeshi la FARDC limekuwa na T-55 za zamani, zilizoonekana karibu na Goma mwaka 2013, pamoja na T-72 zilizotoka Ukrainia, na tofauti kubwa iko ndani, nyuma ya mzinga.

T-55 ina watu wanne. Mmoja, mpakiaji, anainua kwa mikono kombora la milimita 100 lenye uzito wa karibu kilo 30. Kifaru kikisimama, kazi hiyo inawezekana haraka. Kikiruka mashimo, mtu huyo anapambana kwanza na kutoanguka.

T-72 ina watu watatu. Chini ya miguu yao kuna sahani inayozunguka yenye makombora 22. Mlenga anabonyeza, mzinga unapanda kwenye pembe ya kupakiwa, mashine inasukuma kombora, kisha baruti yake. Inachukua sekunde 8 hivi, barabara iwe nzuri au mbaya. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, kifaru kimesogea mita 44 hivi.

Hapo ndipo kitulizo cha mzinga kinaonyesha faida yake. Jiroskopu inahisi kifaru kinavyoyumba, na mota zinarudisha mzinga kwenye pembe ileile. T-55 nayo inacho, lakini darubini ya mlenga imefungwa pamoja na mzinga: mzinga ukishikwa ili upakiwe, darubini inaruka nao, na shabaha inapotea machoni. Katika T-72, darubini inatulizwa peke yake juu na chini, basi mlenga anaendelea kuangalia wakati mzinga unapakiwa.

Lakini kitulizo hakilengi. Jiroskopu zinahitaji dakika 2 hivi za kuzunguka kabla ya kukiwasha, na kikiwa hakikurekebishwa vizuri, mzinga unateleza polepole kando hata kifaru kikiwa kimesimama. Tena mzinga wa T-72 unapanda nyuzi 14 tu, wakati ule wa T-55 unafika 18. Adui aliye juu ya mlima, karibu na barabara, hawezi kufikiwa, na milima ndiyo inayotawala upande wa magharibi wa RN2.

Na sahani ile ikiisha? Makombora 22 kwa sekunde 8 ni dakika 3 tu za kupiga mfululizo. Mengine yamewekwa pembeni, na watu watatu wanapaswa kuyapakia kwa mikono, polepole, bila mtu wa nne wa kusaidia. Yakishika moto ndani, wanakuwa wamekaa juu yake, kama ilivyoonekana Ukrainia ambako turubai za chuma za T-72 nyingi ziliruka hewani.