Tawi limevuka ukuta, parachichi si lako

Engutoto ni mitaa ya kuta na miparachichi, na kila msimu husikika hukumu ileile juu ya ukuta: "Kimevuka kwangu, ni changu." Wanaosema hivyo hawasiti hata kidogo. Jirani hupanda ngazi, hukata tawi, hujaza ndoo, na mwenye mti akilalamika huambiwa angelikuwa anapogoa mti wake.

Hukumu hiyo ina nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu.

Kero za majirani kwetu hazina sheria moja iliyoandikwa kifungu kwa kifungu. Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania huzielekeza mahakama zetu kwenye kanuni zilizojengwa na majaji wa Kiingereza, zile zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Hukumu za baada ya tarehe hiyo hakimu anaweza kuzisoma, lakini hazimfungi. Kwa bahati nzuri, mambo makubwa ya matawi yalikuwa yameshaamuliwa kabla yake.

Nusu ya kweli inatoka kwenye kesi ya Lemmon dhidi ya Webb, iliyofika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1894. Ilikubaliwa kwamba jirani anaweza kukata tawi lililoingia kwake bila kumpa mwenye mti taarifa, mradi asikanyage upande wa pili. Hata mti uliokuwa umening'inia kwa miaka mingi haukuwa umejipatia haki ya kuendelea kuning'inia. Kwa hiyo msumeno ni halali, ukiwa kwako na ukiishia mpakani.

Nusu iliyobaki ilikwama mwaka 1919, katika kesi ya Mills dhidi ya Brooker. Jirani alichukua matufaha ya matawi yaliyovuka mpaka, akayauza, akaamriwa kulipa. Kuondoa kero ni jambo moja, kujimilikisha ulichokiondoa ni jambo lingine. Tawi likikatwa, kuni na matunda yake hubaki mali ya mwenye mti. Badilisha tufaha liwe parachichi, hakuna kinachobadilika.

Sasa mwenye mti asinishangilie, maana naye ana imani yake potofu: kwamba jirani hana la kufanya zaidi ya kukata. Mwaka 1904, katika Smith dhidi ya Giddy, matawi yaliyovuka mpaka yaliharibu miti ya matunda ya jirani, na mahakama ikasema hakulazimika kushika msumeno tu. Angeweza kudai fidia pia. Kinachohitajika ni madhara. Kivuli na majani machache uani havitoshi.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Masika inashika, majani ya mparachichi yanaziba mfereji wa maji wa bati la jirani, maji yanarudi ndani na dari la chumba linaporomoka. Jirani mwenye akili humwandikia mwenye mti barua, hubaki na nakala, hupiga picha za tawi, mfereji na dari, kisha huchukua tathmini ya fundi na risiti. Fidia hupimwa kwa dari lililoharibika. Ukali wa matusi yaliyorushwa juu ya ukuta hauhesabiwi.

Akitaka pia zuio la muda, hapo wengi huteleza. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, mwombaji huonyesha mambo matatu: kuna suala la msingi la kuamuliwa lenye uwezekano wa kushinda, atapata hasara isiyofidika kwa pesa, na atakayeumia zaidi ni yeye zuio likikataliwa. Dari ni pesa, hivyo ombi huenda likagonga mwamba. Tawi kubwa lililopasuka juu ya chumba wanamolala watoto ni habari nyingine. Na zuio lenyewe halizidi miezi sita kwa mara moja, ingawa laweza kuongezwa hadi mwaka. Amri ya kudumu ya kuondoa kero hutolewa mwishoni, kesi ikishasikilizwa.

Ugomvi ukigeuka kuwa wa mpaka wa kiwanja, njia ni nyingine: tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata hupatanisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya fidia kwa kero yana miaka mitatu, na kero inayoendelea huzaa haki mpya kila siku inapoendelea.

Kama unakusudia kumshitaki jirani kwa ajili ya dari, na ndoo ya maparachichi yake bado iko jikoni kwako, mrudishie kwanza. La sivyo, atakuja nayo mahakamani kama dai lake dhidi yako.