Maswali Yenu: Jina, Alama au Mpango?

SWALI: Tuko vijana wane wa Baraka. Tunataka kukausha ndagala na kuwauzia watu wa machimbo Misisi. Mmoja anasema tuanze na jina, mwingine amekwisha kumwita mchoraji wa alama. Tufuate nani?

JIBU: Wapenzi, mchoraji angojee kwanza. M-Pesa mnayoijua ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 ili watu walipe mikopo midogo. Lakini wale wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye kazi wakaona, wakageuza mpango, na mwaka 2007 wakaifungua kwa kutuma pesa nyumbani. Kama wangaliiita Lipa Mkopo, wangalianza kufuta mabango!

Basi pelekeni mfuko mmoja Misisi, mara mbili, na mara moja iwe wakati wa mvua, maana hapo ndagala hushika unyevu na kuvunda. Andikeni nani amenunua, kwa kipimo gani, na nini imebaki mkiisha kutoa pesa ya gari. Mama wapishi wakinunua mfuko mzima, alama haina pa kukaa. Mchimbaji akitaka kapakiti kadogo, hapo inafaa.

Kisha jina. Litamkeni sokoni mara moja, mrudi kesho muulize kama wanalikumbuka. Msijiite kwa samaki mmoja kama kesho mtauza na mihogo. Ulizeni pia kwenye ofisi ya kuandikisha biashara kama lina mwenyewe.

Mchoraji mumwite siku hiyo, na rangi moja tu, muhuri usiwe ghali.